Mwanafunzi Kaandika 10C5: Namna ya Kukagua Majibu ya Pemutesheni na Kombinesheni Pale Mpangilio Unapohesabika

Swali lenyewe ni hili. Kikundi cha VICOBA cha Majengo, Moshi, kina wanachama 10: wanawake 6 na wanaume 4. Wanataka kamati ya watu watano, yaani mwenyekiti, katibu, mhazini na wahesabu fedha wawili. Hakuna anayeruhusiwa kushika nafasi mbili. Kamati hiyo inaweza kuundwa kwa njia ngapi?

Mwanafunzi wa kidato cha sita kaandika 10C5 = 252, kapiga mistari miwili chini ya jibu, kaenda swali linalofuata. Hesabu ya 10C5 kaifanya bila kosa. Kilichokosewa ni kanuni, na hapo ndipo ukaguzi wa kawaida wa kurudia kubonyeza kikokotoo unaposhindwa, kwa sababu ukirudia mara ishirini utapata 252 mara ishirini.

Jibu sahihi ni 15120. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuligundua kosa la aina hii bila kufungua kurasa za majibu, namna ya kujua limeingilia wapi, na namna ya kulirekebisha bila kuzaa kosa jingine. Unamfaa mwalimu anayesahihisha rundo la madaftari, na unamfaa mwanafunzi wa PCM au EGM anayejikagua mwenyewe usiku wa kuamkia mtihani. Nitabaki na kikundi hikihiki cha watu 10 toka mwanzo hadi mwisho ili namba zizoeleke.

Tukumbushane kwa ufupi tu. Pemutesheni inahesabu mipangilio: 10P3 ni 10 × 9 × 8 = 720. Kombinesheni inahesabu makundi bila kujali nani yuko wapi: 10C3 ni 720 ikigawanywa kwa 3!, yaani 720 ÷ 6 = 120. Huko kugawanya kwa fakitoria ndiko kunakofuta mpangilio. Anayetumia kombinesheni mahali pa pemutesheni amegawanya bila sababu.

Hatua ya kwanza: andika kamati moja kwa majina

Usianze na kanuni. Anza na tokeo moja, liandike lote kama katibu angeliandika kwenye daftari la kikundi:

Mwenyekiti: Aikande. Katibu: Baraka. Mhazini: Clara. Wahesabu fedha: Daudi na Elinami.

Sasa badilisha watu wawili nafasi zao, uulize swali moja tu: je, hii ni kamati nyingine au ni ileile? Aikande akienda kwenye ukatibu na Baraka akawa mwenyekiti, watu ni walewale watano, lakini kikundi kina mwenyekiti mwingine. Hiyo ni kamati nyingine, na lazima ihesabiwe peke yake. Daudi na Elinami wakibadilishana, hakuna kilichobadilika, maana wote wawili wanahesabu fedha. Hiyo ni kamati ileile na haitakiwi kuhesabiwa mara ya pili.

Basi swali hili lina sehemu mbili ndani yake. Nafasi tatu za juu zinajali nani yuko wapi, nafasi mbili za chini hazijali. Wanafunzi wengi wamefundishwa kuuliza “mpangilio una maana au hauna?” kana kwamba swali zima lina jibu moja, ndiyo au hapana. Swali hilo ni pana mno. Uliza kwa kila jozi ya nafasi, na uulize kwa majina ya watu.

Nimewahi kumsikia mwanafunzi akitetea kombinesheni kwa kusema, “Mwalimu, si viongozi wanachaguliwa? Na kuchagua ni C.” Nikamwambia, “Sawa, wamechaguliwa. Sasa nani anashika kalamu na nani anashika hela?” Akanyamaza kidogo, halafu akacheka. Kosa hili mara nyingi linazaliwa hapo: mtu anatafuta neno ndani ya swali linalomwelekeza kwenye kanuni, wakati kinachoamua ni kile kinachotokea watu wawili wakibadilishana. Swali linaweza kusema “chagua” na bado likadai pemutesheni. Linaweza pia kusema “panga” huku nafasi zenyewe hazina tofauti.

Hapa kuna jambo dogo ambalo hutokea kwa vikundi hivi. Sanduku la fedha huwa na kufuli tatu, na funguo hushikwa na wanachama watatu tofauti. Je, watunza funguo watatu wanahesabiwa kwa 10C3 au 10P3? Inategemea swali linahesabu nini. Kama linauliza ni watu gani watatu watakabidhiwa funguo, ni 120. Kama kufuli zimepewa namba na linauliza nani anashika ufunguo wa kufuli namba 1, nani namba 2 na nani namba 3, ni 720. Watu ni walewale na funguo ni zilezile, ila kinachoandikwa kwenye daftari kimebadilika. Ndiyo maana nasisitiza uliandike tokeo kama lingeandikwa daftarini.

Hatua ya pili: punguza swali mpaka liweze kuandikwa lote

Jaribio la kubadilishana linakupa shaka. Uthibitisho unaupata kwa kuorodhesha, ila huwezi kuorodhesha kamati 15120. Basi punguza watu na nafasi, lakini usibadilishe umbo la swali. Umbo letu ni “baadhi ya nafasi zina majina, nyingine zinafanana”. Umbo hilohilo kwa udogo wake: watu wanne A, B, C, D, mwenyekiti mmoja na wahesabu fedha wawili.

Orodhesha kwa kuanza na mwenyekiti. Akiwa A, wahesabu fedha ni BC, BD au CD. Akiwa B, ni AC, AD au CD. Akiwa C, ni AB, AD au BD. Akiwa D, ni AB, AC au BC. Jumla ni 12.

Mwanafunzi wetu angefanya 4C3 = 4. Anayekimbilia upande wa pili angefanya 4P3 = 24. Orodha inawakataa wote wawili. Inakubali 4 × 3C2 = 4 × 3 = 12, yaani chagua mwenyekiti, kisha chagua jozi kutoka kwa waliobaki.

Watu wengi wanapopunguza swali hukosea jambo moja: wanapunguza mpaka umbo linapotea. Ukichukua watu watatu, mwenyekiti na katibu tu, utapata 6 dhidi ya 3, na utaridhika kwamba pemutesheni ndiyo dawa. Kwa swali lile dogo ni kweli. Lakini wahesabu fedha umewaacha nje, kwa hiyo jaribio lako halijasema lolote juu ya swali kubwa. Hakikisha kila aina ya nafasi iliyomo kwenye swali kubwa imo pia kwenye dogo, na kama kuna nafasi zinazofanana, ziwe angalau mbili, la sivyo kufanana kwake hakutaonekana.

Hatua ya tatu: gawanya jibu sahihi kwa jibu la mwanafunzi

Hatua hii ndiyo ninayoipenda zaidi kwa mtu anayesahihisha, kwa sababu inasema kosa liko wapi hata kabla hujasoma njia aliyopita.

Kwanza tupate jibu sahihi. Mwenyekiti, katibu na mhazini: 10 × 9 × 8 = 720. Wamebaki watu 7, na wahesabu fedha wawili wanatoka humo: 7C2 = 21. Jumla 720 × 21 = 15120.

Sasa 15120 ÷ 252 = 60. Namba 60 imetoka wapi? Ukishakuwa na watu watano, mwenyekiti anaweza kuwa yeyote kati ya 5, katibu yeyote kati ya 4 waliobaki, mhazini yeyote kati ya 3, na wawili wa mwisho wanahesabu fedha bila ya kuulizana. Hiyo ni 5 × 4 × 3 = 60. Kwa lugha ya fakitoria ni 5! ÷ 2!. Kwa hiyo uwiano wa 60 unasimulia kosa lote: mwanafunzi alipata watu watano sahihi, akasahau kuwagawia vyeo.

Hapa ndipo marekebisho ya haraka yanapoharibu. Mwanafunzi aliyeambiwa “umesahau mpangilio” atazidisha 252 kwa 5! na kupata 30240, ambayo ni sawasawa na 10P5. Amekwenda mbele kupita kiasi: 30240 ni mara mbili ya jibu, kwa sababu kila jozi ya wahesabu fedha imehesabiwa mara mbili, Daudi na Elinami, kisha Elinami na Daudi. Kwa hiyo kwenye daftari usiandike “tumia P”. Andika uwiano wenyewe: “jibu lako × 5 × 4 × 3”, naye atajiuliza hizo tatu ni za nani.

Uwiano unasaidia hata zaidi pale swali linapokuwa na sharti. Tuache wahesabu fedha pembeni kwa sasa, tubaki na vyeo vitatu tu, na sharti liwe mwenyekiti lazima awe mwanamke. Sahihi: mwenyekiti 6, kisha katibu 9, kisha mhazini 8, yaani 6 × 9 × 8 = 432. Mwanafunzi mmoja anaandika 6 × 9C2 = 6 × 36 = 216. Uwiano ni 2. Hapa si 6, ingawa vyeo ni vitatu. Maana yake mwenyekiti alimweka sawa kabisa, ila katibu na mhazini akawachukua kama jozi isiyo na vyeo. Kosa liko kwenye hatua ya mwisho ya kazi yake pekee, na anastahili alama za mwanzo. Anayemwandikia “kanuni si sahihi” na kumpa sifuri hajasoma alichofanya.

Kwa ujumla, uwiano ukiwa 2, nafasi mbili zimepoteza vyeo vyake. Ukiwa 6, tatu. Ukiwa 24, nne. Ukiwa namba nzima nyingine, kama 60, tafuta mchanganyiko wa nafasi zenye vyeo na zisizo na vyeo. Lakini usiutegemee uwiano peke yake bila kuangalia kazi, kwa sababu namba zinaweza kugongana: 120 ni 5! na pia ni 6 × 5 × 4.

Uwiano usipokuwa namba nzima

Kuna wakati mgawanyo unatoka na desimali. Hapo ujue kosa halikuishia kwenye mpangilio. Mara nyingi ni suala la kurudia.

Mfano: kila wiki mwanachama mmoja anasimamia daftari la mahudhurio, na mtu anaweza kupewa zamu zaidi ya mara moja. Zamu za wiki tatu zinaweza kupangwa kwa njia ngapi? Kila wiki kuna watu 10 wa kuchagua, kwa hiyo ni 10 × 10 × 10 = 1000. Mwanafunzi kaandika 10C3 = 120. Ukigawanya 1000 kwa 120 unapata 8.33. Hakuna namna ya kuwapanga watu watatu kwa njia 8.33, kwa hiyo kuzidisha kwa fakitoria hakutamfikisha. Akijirekebisha kwa kutumia 10P3 atapata 720, na bado amekosa.

Tofauti ya 1000 na 720 ni 280, na unaweza kuionyesha ilikojificha. Zamu ambazo mtu mmoja kashika wiki zote tatu ni 10. Zamu ambazo mtu mmoja kashika wiki mbili na mwingine wiki moja: chagua wa wiki mbili kwa njia 10, wa wiki moja kwa njia 9, na ile wiki moja inaweza kuwa yoyote kati ya tatu, yaani 10 × 9 × 3 = 270. Ukijumlisha 10 na 270 unapata 280, sawasawa na pengo. Nimeona wanafunzi wakielewa suala la kurudia kwa pengo hili upesi kuliko kwa maelezo marefu ya n iliyopandishwa kipeo cha r, kwa sababu wanaviona vilivyokosekana kimoja kimoja.

Hatua ya nne: pita njia ya pili

Jibu lolote la kuhesabu njia linapaswa kupatikana kwa njia mbili zisizofanana. Kurudia njia ileile kwa uangalifu zaidi hakuhesabiki. Kwa kamati yetu, njia ya kwanza ilijaza vyeo kwanza kisha jozi: 720 × 21. Njia ya pili ichukue watu watano kwanza, halafu igawe vyeo: 10C5 × 5 × 4 × 3 = 252 × 60 = 15120. Kuna na ya tatu: anza na wahesabu fedha, 10C2 = 45, halafu vyeo vitatu kutoka kwa watu 8 waliobaki, 8 × 7 × 6 = 336. Na 45 × 336 = 15120.

Njia zote tatu zinakutana. Kama moja ingekataa, basi kuna mtu aliyehesabiwa mara mbili au aliyesahauliwa, na utajua pa kutafuta ni kwenye hatua inayotofautisha njia hizo. Mwanafunzi akikuonyesha jibu kwa njia moja, mwombe aanze upya na nafasi tofauti. Aliyeanza na mwenyekiti aanze na wahesabu fedha. Kumbuka pia kwamba 10C5 ya mwanafunzi wetu haikuwa takataka; ni mwanzo halali wa njia ya pili. Alisimama katikati ya safari.

Hatua ya tano: angalia kama jibu linavuka mpaka wake

Masharti ya “angalau” yanazalisha kosa la upande wa pili, jibu kubwa mno. Tuseme kati ya viongozi watatu angalau mmoja awe mwanamke. Njia salama ni kutoa: mipangilio yote 720, ukiondoa ile ya wanaume watupu, 4 × 3 × 2 = 24. Zinabaki 696.

Sasa angalia mwanafunzi mwenye bidii: “Natafuta cheo cha kumpa mwanamke, njia 3. Namchagua mwanamke, njia 6. Vyeo viwili vilivyobaki, 9 × 8.” Anapata 3 × 6 × 9 × 8 = 1296. Kila hatua inasikika vizuri ukiisoma. Lakini bila sharti lolote viongozi hawa watatu wanapatikana kwa njia 720 tu, na sharti haliwezi kuongeza njia. Jibu la 1296 halina pa kusimama. Kosa lake ni kwamba kamati yenye wanawake watatu ameihesabu mara tatu, kila mara akimchukulia mmoja wao kama “yule mwanamke wa lazima”, na yenye wanawake wawili mara mbili.

Ukaguzi wa mpaka ni wa sekunde chache: kokotoa jumla isiyo na sharti, uiandike pembeni mwa karatasi kabla hujaanza, na jibu lolote linaloivuka ulikatae. Lakini haugundui kosa la kombinesheni. Mwanafunzi atakayefanya 10C3 − 4C3 = 120 − 4 = 116 yuko chini ya mpaka na ataonekana salama. Anayekamata 116 ni uwiano: 696 ÷ 116 = 6, vyeo vitatu vimefutwa vyote.

Kikokotoo nacho kina lawama zake

Kabla hujamhukumu mwanafunzi, tazama kazi iliyoandikwa kwa mkono. Kwenye vikokotoo vya Casio vya fx-ES PLUS, nPr inapatikana kwa SHIFT na alama ya kuzidisha, na nCr kwa SHIFT na alama ya kugawanya. Vitufe hivyo viko jirani. Kama kwenye karatasi kaandika 10P3 halafu jibu likawa 120, huyo kabonyeza kitufe cha pili; anahitaji kuambiwa asome herufi iliyotokea kwenye kioo kabla ya kubonyeza alama ya sawasawa. Kama kaandika 10C3 na jibu ni 120, kikokotoo hakina kosa, kosa ni la uamuzi. Ukimpa huyu wa pili mazoezi ya kubonyeza vitufe umempotezea muda.

Kwa r ndogo, namshauri mwanafunzi asiguse vitufe hivyo kabisa. Aandike 10 × 9 × 8. Anayeandika hivyo anaona cheo kimoja kimoja kikijazwa, na ni vigumu mno kusahau mpangilio ulioandikwa mbele ya macho.

Kwenye uwezekano, hukumu inabadilika

Hapa wasahihishaji wengi wanakuwa wakali pasipostahili, na wanalegea panapostahili ukali.

Viongozi watatu wanapatikana kwa kura ya bahati nasibu. Uwezekano wa wote watatu kuwa wanawake ni upi? Kwa kuhesabu vyeo: juu 6 × 5 × 4 = 120, chini 720, jibu 1/6. Mwanafunzi kaandika 6C3 ÷ 10C3 = 20 ÷ 120, jibu 1/6. Vyeo vipo, na yeye kavipuuza, lakini jibu ni sahihi, na njia yake ni sahihi pia. Sababu ni kwamba kafuta 3! juu na chini kwa pamoja, na tukio lenyewe halijali nani ni mwenyekiti. Hapa hakuna cha kukata. Mpe alama zote.

Sasa badilisha tukio: uwezekano wa mwenyekiti kuwa mwanamke. Huhitaji hata kuhesabu sana. Mwenyekiti ni mmoja kati ya 10, na 6 ni wanawake, basi ni 6/10. Kwa njia ndefu ni 432 ÷ 720, ambayo pia ni 0.6. Mwanafunzi yuleyule akiendelea na mazoea yake ataandika 6 × 9C2 juu na 10C3 chini: 216 ÷ 120 = 1.8. Uwezekano umezidi 1, na yeye mwenyewe angetakiwa kushtuka. Kilichotokea ni kwamba juu kamtenga mwenyekiti, chini hakumtenga. Namba ya juu na namba ya chini zinahesabu vitu viwili tofauti.

Kuzidi 1 ni bahati, kwa sababu kunapiga kelele. Hatari zaidi ni mchanganyiko unaotoa namba yenye sura nzuri. Mwingine anaweka 216 juu na 720 chini, anapata 0.3, namba isiyotia shaka yoyote. Na kwenye lile swali la wanawake watupu, aliyeweka pemutesheni juu na kombinesheni chini atapata 120 ÷ 120 = 1, yaani hakika kabisa kwamba viongozi wote ni wanawake, wakati wanaume wanne wameketi palepale kwenye kikao wakisubiri kura.

Kwa hiyo kwenye uwezekano swali la kukagua ni tofauti. Usiulize “katumia P au C?” Uliza kama tokeo moja lililohesabiwa juu lina umbo lilelile la tokeo moja lililohesabiwa chini. Mwambie mwanafunzi aandike tokeo moja la juu na tokeo moja la chini kwa majina, kama tulivyofanya mwanzo. Akiandika “Aikande mwenyekiti, pamoja na Baraka na Clara” juu, na “Aikande, Baraka, Clara” chini, mwenyewe ataona kwamba mstari wa pili hauna mwenyekiti.

Unapoandika alama

Nikisahihisha, kwenye swali la kamati yenye jibu 252 nampa mwanafunzi alama ya kuwapata watu watano, namnyima alama ya kugawa vyeo na ya jibu. Aliyeandika 30240 nampa alama ya kutambua kwamba vyeo vina tofauti, namnyima ya wahesabu fedha. Mwongozo rasmi wa kusahihisha ukisema vingine, fuata huo; hapa nazungumzia kazi za darasani na za tusheni, ambako lengo ni kujua kesho umfundishe nini.

Na hawa wawili usiwafundishe pamoja. Wa 252 mpe watu wanne, mwenyekiti na wahesabu fedha wawili, mwambie aorodheshe mpaka 4 yake ikatae. Wa 30240 mpe orodha ya swali hilohilo dogo ikiwa tayari imeandikwa yote 24 ya 4P3, na kalamu nyekundu, akate zinazojirudia.